Kundi la ng'ombe kwenye mizania: waliozaliwa, waliokufa na waliouzwa, hatua kwa hatua

Siku hiyo nilifika zizini kabla jua halijapanda. Ni Siha, upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro, mapema Januari, na umande ulikuwa bado kwenye majani. Nilisimama mlangoni na karatasi yangu, ng'ombe wakawa wanatolewa mmoja mmoja. Daftari la ofisini lilisema 48. Mimi nikapata 47. Nikaomba warudishwe, tukahesabu tena: 47.

Mchungaji alikuwa ameegemea fimbo, ananitazama tu. "Shikamoo tena mzee," nikamwambia, "kuna mmoja simwoni." Akacheka. "Mwanangu, usihangaike. Huyo aliliwa kwenye harusi ya kijana wa mwenye shamba, mwezi wa nane. Ngozi yake ile pale juu ya banda."

Ofisini hakuna aliyeandika. Kwa kitabu, ng'ombe yule alikuwa bado anakula majani.

Nitatumia kundi hilo kama mfano mpaka mwisho wa mwongozo huu. Idadi na bei nimezirekebisha ili hesabu iwe rahisi kufuata, kwa hiyo usizichukue kuwa bei za mnada wa leo. Shamba ni la familia, limesajiliwa kama kampuni, linafuga ng'ombe wa nyama na linafunga hesabu Desemba 31.

## Kanuni yenyewe kwa maneno machache

Ng'ombe aliye hai ni mali hai, na mali hai zina kiwango chao cha uhasibu, IAS 41. Kinataka kila mnyama apimwe kwa thamani ya soko kutoa gharama za kumuuza, siku anapoingia kwenye vitabu na kila unapofunga hesabu. Thamani ikipanda au kushuka kati ya siku hizo mbili, tofauti inaingia kwenye faida na hasara ya mwaka huohuo, hata kama hujauza hata mkia.

Watu wa Moshi wenye kahawa huwa wananikatiza hapa. Mibuni yao ilitolewa kwenye utaratibu huu: tangu Januari 1, 2016 miti inayozaa mazao kwa miaka mingi inahesabiwa kwa gharama kama mitambo, na ni matunda yaliyo juu yake tu yanayobaki kwenye IAS 41. Basi ng'ombe anayezaa kila mwaka asihesabiwe vivyo hivyo? Hapana. Mabadiliko yale yaligusa mimea peke yake. Mnyama, awe wa kuzaa, wa maziwa au wa kuchinjwa, anabaki kwenye thamani ya soko.

Kampuni ndogo zinazotumia kiwango cha biashara ndogo na za kati zina mwanya: kama thamani ya soko haipatikani bila gharama au usumbufu kupita kiasi, zinaweza kutumia gharama. Ila kwa ng'ombe, ukiwa na mnada wa Weruweru upande mmoja na wa Meserani upande mwingine, sijui utamweleza nini mkaguzi akikuuliza bei umeikosaje.

## Vichwa kwanza, pesa baadaye

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni mhasibu kuanza na bei. Anapiga simu kwa dalali, anapata bei, anazidisha na idadi iliyoko kwenye daftari, kazi imekwisha. Mimi sigusi shilingi mpaka vichwa vikubali.

Gawa kundi kwa madaraja yanayolingana na jinsi mnada unavyonunua, yaani umri, jinsia na kazi ya mnyama. Kisha kwa kila daraja andika waliokuwepo Januari 1, walioongezeka, waliohama daraja, waliotoka, na waliobaki. Kundi letu lilitoka hivi:

| Daraja | Jan 1 | Kuzaliwa au kununuliwa | Kuhama daraja | Kufa au kuchinjwa | Kuuzwa | Des 31 |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Ng'ombe jike wakubwa | 20 | 0 | +3 | −1 | −2 | 20 |
| Mitamba | 8 | 0 | +2 | 0 | 0 | 10 |
| Ndama | 10 | +12 | −10 | −2 | 0 | 10 |
| Njeku | 0 | 0 | +5 | 0 | 0 | 5 |
| Madume makubwa | 6 | 0 | 0 | 0 | −5 | 1 |
| Fahali wa mbegu | 0 | +1 | 0 | 0 | 0 | 1 |
| Jumla | 44 | +13 | 0 | −3 | −7 | 47 |

Safu ya kuhama daraja lazima ijumlishe sifuri. Ndama 10 wa mwaka jana wamekua: majike 5 wamekuwa mitamba, madume 5 wamekuwa njeku. Mitamba 3 wamezaa, wamepanda kuwa ng'ombe wakubwa. Hapo hakuna aliyeingia wala kutoka shambani. Ukiona safu hiyo imebaki na moja, ama kuna ndama ameandikwa mara mbili, ama kuna mtamba aliyehamishwa upande mmoja tu wa daftari.

Hesabu ifanyike asubuhi kabla ya malisho au jioni wakirudi, ng'ombe wakipita mahali pembamba, na namba ya hereni isomwe. Kuhesabu kundi likiwa malishoni ni kujidanganya. Kama huwezi kuwepo Desemba 31 yenyewe, nenda siku chache baadaye halafu urudi nyuma kwa kutumia daftari la zizi: waliozaliwa tangu siku ile uwatoe, waliokufa na kuuzwa uwarudishe.

Uliza pia ng'ombe ni wa nani. Kwetu huku mtu huwekesha ng'ombe kwa jirani au ndugu mwenye majani, anayetunza akapata maziwa na pengine ndama wa pili au wa tatu. Kwenye maboma ya Monduli na Longido, kundi moja linaweza kuwa na ng'ombe wa watu watano. Kinachoingia kwenye mizania yako ni mnyama unayemmiliki na kumtawala, si kila anayelala zizini kwako. Na wa kwako aliyelala kwa jirani anaingia pia. Alama ya moto, hereni na karatasi ya makubaliano ndiyo ushahidi. Siha tulikuta wawili wa shemeji wa mwenye shamba, tukawatenga kabla ya kuhesabu.

## Bei ya mnadani siyo thamani ya zizini

Sasa pesa. Tuanze na ng'ombe jike mmoja, mzima, ambaye Desemba 31 angeuzwa Weruweru kwa shilingi 990,000.

Ng'ombe huyo hayuko Weruweru, yuko Siha. Kumfikisha, ukigawa nauli ya lori kwa vichwa na kuongeza kibali cha kusafirisha, ni 20,000. Mnunuzi anayejua kazi yake asingekulipa 990,000 ukiwa zizini. Angetoa hiyo nauli kwanza. Kwa hiyo thamani ya soko ya ng'ombe huyu alipo ni 970,000. Baada ya hapo unatoa gharama za kuuza, yaani zile zinazotokea kwa sababu tu umeuza: mkono wa dalali na ushuru wa mnada, tuseme 10,000. Unabaki na 960,000, na hiyo ndiyo inayokwenda kwenye mizania.

Mtu atasema jibu ni lilelile, kwani kuna haja gani kutenganisha? Ipo kwa sababu ya makosa ya aina mbili. Wapo wanaotoa nauli mara mbili, kwanza kwenye bei, halafu tena kwenye gharama za kuuza. Na wapo wanaosoma kwamba usafiri si gharama ya kuuza, jambo ambalo ni kweli, wakaacha kuutoa kabisa. Riba ya mkopo na kodi ya mapato hazihesabiwi kamwe kuwa gharama za kuuza.

Bei iwe ya soko ambalo kwa kawaida unauzia. Kama shamba linapeleka ng'ombe Weruweru mwaka mzima, usichukue bei ya Meserani kwa sababu wiki ile ilikuwa nzuri zaidi. Pia iwe ya siku ya kufunga hesabu. Mnada haukai kila siku, kwa hiyo mimi huchukua bei za mnada wa mwisho kabla ya Desemba 31 na wa kwanza baada yake. Mnada wa kabla ya Krismasi una wanunuzi wengi wa nyama ya sikukuu, na bei ya pale inaweza kuwa imevimba. Wiki mbili baadaye, ada za shule zikiwa mlangoni, wafugaji wanaleta wengi na bei inalegea. Nikiona pengo kubwa kati ya minada hiyo miwili naandika nimeamua nini na kwa nini. Kuchukua wastani wa mwaka mzima ni rahisi, lakini si jibu la swali uliloulizwa.

Kwa kundi letu, thamani kwa kichwa baada ya kutoa kila kitu ilikuwa hivi:

| Daraja | Jan 1 | Des 31 |
|---|---|---|
| Ng'ombe jike mkubwa | 900,000 | 960,000 |
| Mtamba | 700,000 | 740,000 |
| Ndama | 300,000 | 320,000 |
| Njeku | – | 620,000 |
| Dume kubwa | 1,100,000 | 1,200,000 |
| Fahali wa mbegu | – | 1,480,000 |

Zidisha na idadi. Kundi la Januari 1, vichwa 44, lilikuwa na thamani ya shilingi 33,200,000. La Desemba 31, vichwa 47, ni 35,580,000. Kazi iliyobaki ni kueleza tumetokaje pale tukafika hapa.

## Ndama amezaliwa

Ndama hakununuliwa, hana risiti. Wahasibu wengi wanaishia kumwandika kwa sifuri, au wanamtafutia gharama kwa kugawa chakula na dawa za mama yake. Yote mawili si sawa. Siku aliyozaliwa anaingia kwa thamani ya soko kutoa gharama za kuuza, na thamani hiyo yote ni faida ya siku hiyo.

Shida ni kwamba ndama wa siku moja hana mnada. Hakuna anayemnunua peke yake. Anauzwa na mama yake. Mimi natumia tofauti: ng'ombe mwenye ndama mchanga anauzwa zaidi ya ng'ombe kama yeye asiye na ndama, na hiyo nyongeza ndiyo ya ndama. Hapa ilikuwa 80,000. Ndama 12, jumla 960,000:

Debiti Mali hai 960,000. Krediti Faida ya mabadiliko ya thamani 960,000.

Wala usikeshe ukibishana kama ni 80,000 au 95,000. Ndama akiwa hai mwisho wa mwaka, utampima upya kwa bei ya Desemba, na chochote ulichopunja mwanzoni kitajirudi kwenye ukuaji. Jumla ya mwaka haibadiliki.

Ninachokesha nacho ni hiki, maana kiliwahi kunipata. Mwaka mmoja, kwenye shamba lingine, niliandika ndama wote kama faida walipozaliwa, halafu Desemba nikachukua thamani ya mwisho kutoa thamani ya mwanzo, nikaandika tofauti yote kama faida kwa mara ya pili. Ndama wale walikuwa ndani ya thamani ya mwisho tayari. Mkaguzi aliniuliza swali moja tu: "Hawa wamezaliwa mara ngapi?" Niliona haya. Tangu siku hiyo, tofauti ninayoiandika Desemba ni ile iliyobaki baada ya kutoa vyote vilivyokwisha kuandikwa ndani ya mwaka.

## Aliyekufa na aliyeliwa

Ndama wawili walikufa kwa ndigana kali Aprili, mvua zikiwa zimeleta kupe. Walikuwa wamefika thamani ya 150,000 kila mmoja. Kwanza unatambua ukuaji wao, kutoka 80,000 hadi 150,000, halafu unawatoa:

Debiti Hasara ya mabadiliko ya thamani 300,000. Krediti Mali hai 300,000.

Hapa ukiruka hatua ya kwanza, ukawatoa kwa 80,000 ileile ya kuzaliwa, jumla ya mwaka inabaki sawa, lakini taarifa inapungukiwa. Mwenye shamba ataona vifo vimemgharimu 160,000, wakati kupe wamemla 300,000. Na namba hiyo ndiyo atakayoilinganisha na bei ya kuogesha.

Vifo viwe na karatasi: tarehe, namba ya hereni, sababu, na ikiwezekana saini ya mtaalamu wa mifugo. Hereni yenyewe irudi ofisini. Kundi ambalo vifo vyake vyote ni vya wanyama wakubwa walionona, bila ndama hata mmoja, si kundi lenye ugonjwa. Ni kundi linalouzwa usiku.

Sasa yule wa harusi. Mwenye shamba alitaka tumwandike kwenye vifo, "kwani si amekufa?" Nikamwambia mzee, kwa heshima zote, amekufa kweli, lakini kampuni haikualikwa harusini. Thamani yake Agosti ilikuwa 920,000. Kampuni imetoa mali yenye thamani hiyo kwa mwenye hisa, kwa hiyo si hasara ya ufugaji:

Debiti Akaunti ya mkurugenzi 920,000. Krediti Mali hai 920,000.

Kama angeingia kwenye vifo, faida ingepungua kwa 920,000, na kumbukumbu zingeonyesha ugonjwa ambao haukuwepo. Ng'ombe wa harusi, msiba, ubarikio au kafara wanahitaji safu yao kwenye daftari la zizi, kwa sababu kwetu hawakosekani.

## Waliouzwa

Juni shamba lilipeleka madume 5 Weruweru. Kila moja lilikwenda kwa 1,230,000. Toa nauli 20,000, toa dalali na ushuru 10,000, mfukoni 1,200,000. Kwa matano ni 6,000,000.

Kitabuni madume haya yalikuwa kwa 1,100,000 tangu Januari. Swali: ile 100,000 kwa kila dume ni faida ya mauzo? Si ya mauzo. Dakika chache kabla ya kuuzwa, thamani ya dume kutoa gharama za kuuza ilikuwa tayari 1,200,000, na mnada wenyewe ndio ushahidi. Kwa hiyo unalipandisha kwanza, ile 100,000 inaingia kwenye mabadiliko ya thamani, halafu linatoka kwa 1,200,000 na pesa inaingia 1,200,000. Mauzo yenyewe yanaacha sifuri.

Wafugaji hawapendi sifuri hii. "Nimeuza vizuri, faida yangu iko wapi?" Iko mstari wa juu yake. Faida ya mfugaji inatengenezwa malishoni, miezi yote ile dume lilipokuwa linajaa mgongo. Mnadani inabadilishwa tu kuwa noti. Ukiona taarifa ya IAS 41 yenye faida kubwa ya kuuza mifugo, ama thamani za mwanzo zilikuwa chini mno, ama mhasibu hakupima upya siku ya kuuza.

Septemba waliuzwa majike wawili wazee. Bei 680,000, na baada ya makato yaleyale 650,000 kila mmoja, jumla 1,300,000. Hawa walikuwa kitabuni kwa 900,000. Tumepoteza 250,000 kwa kila mmoja, katika mwaka ambao bei za majike zilikuwa zinapanda. Nikamuuliza mchungaji. "Hao? Meno yaliisha zamani. Mwaka juzi nilisema wauzwe."

Hapo nikajua kosa halikuwa Septemba, lilikuwa Januari. Tuliwaweka daraja moja na majike wazima, tukawapa bei moja, wakati mnada usingewapa. Thamani ya mwanzo ilikuwa imezidi, labda kwa karibu nusu milioni kwa wote wawili. Kiasi hicho hakikutosha kutufanya turudi kurekebisha hesabu za mwaka uliopita, ila kilitosha kufungua daraja jipya la majike wa kutolewa. Siku hizi siku ya kuhesabu mchungaji anafungua midomo ya majike wote waliozaa mara nyingi, mimi naandika.

## Fahali aliyenunuliwa

Machi lilinunuliwa fahali moja, chotara wa Borani, kwa 1,500,000, na 40,000 ya kulileta. Siku hiyohiyo, ukitaka kuliuza, ungelipa 20,000 kulirudisha mnadani na 10,000 za dalali na ushuru. Thamani yake ni 1,470,000. Kuna hasara ya 30,000 siku ya kwanza, na ndivyo kiwango kinavyotaka. Si kosa lako. Ile 40,000 ya kulileta ni matumizi ya mwaka, haiongezwi kwenye thamani.

## Kufunga hesabu

Vipande vyote vipo. Faida ya mabadiliko ya thamani kwa mwaka mzima inapatikana hivi:

```
Faida = Mwisho - Mwanzo - Ununuzi + Mauzo + Waliotolewa
      = 35,580,000 - 33,200,000 - 1,500,000 + 7,300,000 + 920,000
      = 9,100,000
```

Angalia nani hayumo kwenye mstari huo: waliozaliwa na waliokufa. Wamo ndani ya hiyo 9,100,000 tayari, kwa sababu thamani ya mwisho imewabeba au imewakosa. Ukiwaongeza pembeni, umerudia kosa langu.

Wengi wanaishia hapa. Mimi siishii, maana namba iliyopatikana kwa kutoa inaficha kila dhambi; hata ng'ombe aliyeibiwa anajificha humo. Naijenga upya kutoka chini, kisha nalinganisha. Kiwango kinahimiza, bila kulazimisha, utenganishe mabadiliko ya bei na mabadiliko ya mwili wa mnyama, na hiyo ndiyo njia ya kuijenga.

Mchukue ndama jike mmoja wa Januari. Alikuwa 300,000, Desemba ni mtamba wa 740,000. Amepanda 440,000. Jiulize: Desemba, ndama kama alivyokuwa yeye Januari angeuzwa bei gani? 320,000. Basi 20,000 ni bei ya soko, na 420,000 iliyobaki ni mwili wake. Fanya hivyo kwa kila daraja. Kwa kundi letu zima ilitoka hivi:

| Chanzo | Shilingi |
|---|---|
| Waliozaliwa | 960,000 |
| Ukuaji | 6,800,000 |
| Kupanda kwa bei | 2,170,000 |
| Majike wawili wazee | −500,000 |
| Ndama waliokufa | −300,000 |
| Fahali, siku ya kwanza | −30,000 |
| Jumla | 9,100,000 |

Zimekutana. Zisingekutana, ningetafuta kwanza tofauti inayofanana na bei ya mnyama mmoja. Pengo la 320,000 ni ndama, la 960,000 ni ng'ombe jike, na mara nyingi unaweza kumtaja kwa namba ya hereni kabla hujafunga faili. Pengo la ajabuajabu, tuseme 213,000, huwa ni la bei: mtu ametumia bei kabla ya makato kwenye daraja moja na baada ya makato kwenye jingine.

Jedwali hilo linamwambia mwenye shamba kitu ambacho 9,100,000 peke yake haisemi. Mwaka wa ukame ungemletea sura nyingine kabisa: ukuaji unakuwa hasi kwa sababu ng'ombe wamekonda, na bei nayo inaanguka kwa sababu kila mtu anauza. Ni hasara mbili zenye sababu mbili, na ni moja tu kati ya hizo anayoweza kuipunguza kwa kuweka nyasi ghalani.

Asisome pia 9,100,000 kama pesa ya kutumia. Pesa iliyoingia kwa ng'ombe ni 7,300,000, na kati yake 1,540,000 ilimnunua na kumleta fahali. Chumvi, dawa, kuogesha na mshahara wa mchungaji havijatolewa bado. IAS 41 haisemi gharama hizo za kutunza uzipeleke wapi. Mashamba mengi, na hili likiwemo, yanaziandika kama matumizi ya mwaka. Ukiamua kuziongeza kwenye thamani ya ng'ombe, faida ya mabadiliko ya thamani itapungua kwa kiasi hichohicho, na utakuwa umezunguka mlima ukarudi ulipotoka. Ila chagua njia moja na uishike.

Mkaguzi alipokuja Machi nilimpa vitu vinne: karatasi ya kuhesabu yenye saini yangu na ya mchungaji, bei za minada miwili, jedwali la vichwa, na hereni tatu ndani ya bahasha, mbili za ndama na moja ya yule wa harusi. Aliishika hiyo ya tatu, akaisoma namba, akaitafuta kwenye akaunti ya mkurugenzi. Ilikuwepo. Akaweka alama, akageuza ukurasa.